Laki tisa iliyobaki kwenye chanja

Asalaam aleikum. Karatasi niliyoishika ina mstari mmoja: "Gawio lako: 1,660,000." Aliyepewa ni bibi mmoja wa hapa Unguja, mshirika katika biashara ya kukausha dagaa. Wako watatu, mtaji wao milioni 20: mmoja ana 10, bibi ana 6, na kijana anayesimamia kazi ana 4. Bibi kasikia mwaka huu faida ni milioni 12. Kapiga hesabu kichwani: asilimia 30 yangu ni 3,600,000. Imebaki 1,940,000, imekwenda wapi? Siku nne hakusalimiana na kijana.

Hakuna aliyeiba. Walikubaliana robo ya faida, milioni 3, ibaki kwenye biashara. Katika milioni 9 ya kugawa, msimamizi anapata kwanza asilimia 20, yaani 1,800,000, na 7,200,000 inagawiwa kwa mitaji. Ya bibi ni 2,160,000, na alishachukua laki tano mwezi wa Ramadhani. Karatasi ingesema hivi:

```
7,200,000 × 6/20 = 2,160,000
Alichotanguliziwa  = 500,000
Atalipwa           = 1,660,000
```

Chini yake iandikwe aliyodhani ameipoteza: 900,000 ni fungu lake katika faida iliyobakishwa, 540,000 ni mchango wake kwenye fungu la msimamizi, 500,000 alishaila. Jumlisheni wenyewe, ni ile ile 1,940,000.

Hiyo laki tisa ndiyo inayozua ugomvi, maana ni haki yake lakini haipo kwenye droo. Imeshageuka chanja mpya, magunia ya chumvi na deni la mchuuzi aliyechukua dagaa kwa mkopo. Kwa hiyo kila mshirika aandikiwe salio lake la mwanzo wa mwaka, lililoongezeka, lililotolewa na salio la mwisho. Chanja ikinunuliwa, salio halipungui. Fedha tu ndiyo imebadilika umbo. Salio hupungua mshirika akilipwa kutoka humo, au biashara ikila hasara. Na hasara, kwa wenye mkataba wa musharaka, yaani ushirika wa mtaji kwa sharia ya Kiislamu, hufuata mtaji, hata kama faida mliigawa kwa mafungu mengine. Hilo nalo liandikwe.

Tarehe, sasa. Karatasi nyingi nilizoziona zinasema "baada ya Idi". Idi ipi? Nasi tunajuana na mambo ya mwezi kuandama! Andikeni "31 Januari". Kama mchuuzi bado anadaiwa na fedha haitoshi siku hiyo, gaweni awamu mbili zenye tarehe mbili, na kila awamu wote walipwe kwa uwiano mmoja. Asitangulizwe mwenye sauti kubwa.

Bibi alipoandikiwa hivyo alisoma mara mbili, akauliza jambo moja tu: hiyo chanja mpya iko upande gani wa pwani, akaione.