Mlima Usio na Mteremko

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na mama mmoja niliyekuwa nikimfundisha mazoezi. Alikuwa na kilo 80, goti la kulia lililomuuma kila alipojaribu kukimbia, na nusu saa tu kwa siku. Alikuwa akitembea kwenye tredmili iliyolala sawa, mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na kwa makadirio yetu ya kawaida alikuwa akichoma kalori 140 hivi kila anapopanda. Akaniuliza: nitapataje zaidi bila kukimbia?

Swali lake lilikuwa zuri, maana ukikimbia, kila mguu unapotua unakutana na nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukitembea, nguvu hiyo huzidi uzito wako kidogo tu. Basi tunabaki kwenye kutembea, na njia ni mbili: kuinua mbele ya mashine utembee kama unapanda mlima, au kubeba begi mgongoni. Watu huzichukulia kama ni kitu kimoja, lakini tofauti yake ni kubwa.

Mwinuko wa asilimia 10 maana yake ni kwamba kila mita 100 unazotembea, unapanda mita 10. Yule mama kwa nusu saa anatembea kilomita 2 na nusu, kwa hiyo amejipandisha mita 250. Kupandisha kilo 80 hadi juu hivyo ni kazi ya kalori 47 hivi. Lakini misuli hugeuza kama robo tu ya nishati yake kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Ndiyo maana unalowa jasho. Zidisha 47 kwa nne, unapata karibu kalori 190 za nyongeza. Kanuni ya makadirio nayo inatoa jumla ya 320 hivi. Mwendo ni uleule, muda ni uleule, na matumizi yamezidi mara mbili.

Sasa begi. Mpe mama huyo kilo 8, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake, atembee pasipo mwinuko. Nyongeza ni kalori 10 hadi 15 tu kwa nusu saa nzima. Na goti linalipia, kwa sababu misuli inayolishikilia hulibana kila unapokanyaga: kilo moja mgongoni hufika gotini ikiwa zaidi ya kilo mbili. Silikatai begi. Linaimarisha mgongo na kiuno, na linamfaa asiye na mashine. Ila kwa mwenye goti bovu, mwinuko ndio wa kwanza.

Kuna jambo jingine ninalolipenda kwenye tredmili: ni mlima usio na mteremko. Nje, ukipanda lazima ushuke, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa kuwa paja linafanya kazi ya breki kila hatua. Ukiwa na begi, breki hiyo inabeba zaidi.

Yule mama nilimwanzishia asilimia 4. Wiki ya tatu nikamkuta amejipeleka mwenyewe 10, amefurahi. Nikatazama mikono yake. Viwiko vimenyooka, vidole vimeng'ang'ania chuma cha mbele, mwili umelalia nyuma. Ndugu zangu, ukijivuta hivyo mwili unalala nyuma pamoja na mashine, kama uko sakafu tambarare, badala ya kuinama kidogo kuelekea mlimani, na mikono inabeba sehemu ya uzito. Kioo cha mashine kinahesabu kalori zote, lakini mwili haujazitumia. Nilimwambia aachie. Alimaliza dakika mbili akaomba apumzike. Tukarudi 5, mikono huru, ambako hata hivyo alikuwa akipata kama 230. Baadaye tuliongeza asilimia moja kila baada ya wiki moja au mbili.

Dalili za kuzidisha mara nyingi haziji gotini kwanza. Mlima hukunja kifundo cha mguu na kuvuta shavu la mguu na kano ya kisigino. Ukiamka asubuhi hatua za kwanza kisigino kimekaza na kinauma, punguza mwinuko usubiri kitulie. Na wenye maumivu nyuma ya kifuniko cha goti, wengine mlima mkali huwaumiza pia. Hao wabaki chini, wasilazimishe.

Begi lilikuja mwezi wa tatu wa mazoezi: kilo 4 za chupa za maji, zimefungwa juu karibu na mgongo zisiyumbe, mkanda wa kiuno umekazwa. Siku ya kwanza vidole vyake vilipata ganzi. Hiyo ni mikanda ya begi kubana mishipa ya fahamu mabegani. Tulihamishia uzito kiunoni, ganzi ikaisha, na siku za begi tukashusha mwinuko hadi 3.