Swichi ya hali ya ndegeni imeganda? Tuifungue pamoja

Karibuni tena. Hii hapa ni kompyuta mpakato ya Windows 11. Tazameni kona ya chini kulia: alama ya ndege imetokea. Nafungua Settings, Network & internet, kisha nabofya swichi ya Airplane mode... haisogei, imekuwa ya kijivu. Waifai nayo hakuna.

Kitufe cha Fn pamoja na chenye picha ya ndege nimeshabonyeza, na Restart nimeshafanya. Fanyeni Restart, msitosheke na Shut down, kwa sababu Windows ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake na kuirudisha ikiwaka.

Sasa bonyeza Windows na R, andika hivi:

```
services.msc
```

Shuka hadi Radio Management Service. Ukikuta Disabled, badilisha iwe Manual, bofya Apply, kisha Start. Yangu iko sawa. Twende.

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Kitufe cha ndege kina draiva yake, ambayo kazi yake ni kuipasha Windows habari kwamba kimebonyezwa. Draiva hiyo ikiharibika, pengine baada ya sasisho, hubaki ikisema "kimewashwa" muda wote. Windows inaiamini, na swichi ya kwenye skrini inakosa kauli.

Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager, fungua Human Interface Devices. Tafuta Airplane Mode Switch Collection au HID-compliant wireless radio controls. Jina hutegemea mtengenezaji.

Ngojeni kwanza. Orodha hii hii ina kipanya na padi ya kugusa. Soma jina lote kabla ya kubofya! Mara ya kwanza nilizima mstari wa HID-compliant touch pad, mshale ukakwama pale pale, ikabidi nirudi kwa vitufe vya mishale na Shift na F10. Tena nawaambia: jina lote.

Bofya kulia... samahani, turudi nyuma kidogo, orodha imejisogeza na nimeangukia mstari wa chini yake. Mmeona? Ndiyo maana nasisitiza. Haya, Airplane Mode Switch Collection, bofya kulia, Disable device, Yes. Mimi napendelea Disable kuliko Uninstall, maana Windows ikiwaka upya huweza kuirudisha draiva uliyoiondoa. Gharama yake ni kwamba kitufe cha ndege kwenye kibodi hakitafanya kazi mpaka uweke draiva nzima kutoka kwa mtengenezaji, kisha urudi hapa hapa uchague Enable device.

Turudi Settings. Swichi imepata rangi! Naizima... waifai imerudi, majina ya mitandao yanaonekana.

Nimeunganisha, lakini inaandika No internet. Kompyuta hii ilikuwa na programu ya VPN iliyoondolewa nusu nusu, na programu za namna hiyo huacha mabaki kwenye njia ya mawasiliano ya Windows. Tunaweka upya njia hiyo:

```
netsh winsock reset
netsh int ip reset
ipconfig /flushdns
```

Aa, imekataa, inasema requires elevation. Nimefungua dirisha la kawaida. Lifunge, tafuta cmd, bofya kulia, Run as administrator. Narudia amri zote tatu... sasa imekubali. Restart.

Imewaka. Ukurasa unafunguka, alama ya ndege haipo.

Kwako ikigoma bado, iko Network reset, chini ya Advanced network settings. Hiyo huondoa adapta zote na kuziweka upya, na nywila zote za waifai ulizohifadhi zinafutika. Kwa hiyo zihifadhi kwanza, kwenye dirisha lile lile la msimamizi:

```
md C:\waifai
netsh wlan export profile key=clear folder=C:\waifai
```

Fungua folda uhakikishe faili zimo. Nimesema fungua, tazama kwa macho, ndipo ubofye Reset now. Faili hizo zina nywila zinazosomeka wazi, zifute ukimaliza. Programu ya VPN unayoitumia nayo huenda ukalazimika kuiweka upya.

Na kabla ya hayo yote, chungulia Network adapters ndani ya Device Manager. Ikiwa kadi ya waifai haimo kabisa, hata ukibofya View kisha Show hidden devices, Network reset haitakusaidia: huenda kadi imelegea, imekufa, au imezimwa kwenye BIOS. Anzia huko BIOS, kisha ndipo ufungue mfuniko.