Arabuni kwa Kichina: ujumbe mmoja wa kuagiza taa za dagaa

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Mwanga na Ujiji, Kigoma)

Shikamooni wazee, habari zenu wote. Leo tuna ujumbe mmoja tu, wa WeChat, anaoandika mfanyabiashara wa hapa Mwanga kwenda kwa kiwanda cha taa kilichoko Guzhen, mji wa jimbo la Guangdong unaojulikana kwa viwanda vya taa. Tutaupitia sehemu kwa sehemu. Programu ya kutafsiri itawapa maneno ya Kichina, lakini haitawaambia ni neno gani kati ya hayo linalokula pesa yenu.

Mfano wetu ni huu. Tunaagiza seti 800 za taa za LED za kuvulia dagaa, zile zilizochukua nafasi ya karabai. Kiwanda kimetaja dola 10 kwa seti, nasi tunataka dola 9.50. Zingatieni pia majira, kwani taa haziuziki sawasawa mwaka mzima. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mzigo ukifika katika kipindi kama hicho, unalala stoo. Kwa hiyo tarehe katika ujumbe huu ina uzito sawa na bei.

Tuanze na salamu.

```
陈经理，您好！
感谢贵司10月9日的报价。
```

Hapo tumesema: "Meneja Chen, salamu kwako. Tunaishukuru kampuni yenu kwa bei mliyotutumia tarehe 9 Oktoba." Jina la ukoo hutangulia, cheo hufuata. Neno 您 ni "wewe" ya heshima, na 贵司 ni "kampuni yenu" iliyovishwa joho. Mkitumia 你 hamjatukana mtu, ila ni kama kumwamkia mzee "mambo" badala ya shikamoo.

Sasa bei. Wengi huandika 太贵了, yaani "ghali mno". Hayo ni maneno ya gengeni, ukiwa umeshika fungu la nyanya. Kwa barua ya biashara, uliza kama bei *inaweza kurekebishwa*:

```
我们计划订购800套，
请问单价能否由10美元调整为9.5美元（FOB深圳）？
即在原报价基础上打九五折。
```

Mstari wa mwisho una mtego. Mchina anapotaja punguzo hataji unachopunguziwa, anataja unachobaki kulipa. 九五折 maana yake ulipe asilimia 95, yaani umepunguziwa 5. Ukiandika 五折 ukidhani unaomba asilimia tano, umeomba nusu bei. Muuzaji atacheka au atakasirika, na kwa vyovyote atajua hujui soko. Na kinyume chake, akikuandikia 九折 usirukeruke kwa furaha: punguzo ni asilimia 10, siyo 90. Ndiyo maana nimeweka namba ya dola na neno la punguzo kwa pamoja. Moja likieleweka vibaya, jingine linalisahihisha.

FOB Shenzhen maana yake bei inaishia mzigo unapopakiwa melini katika bandari ya Shenzhen. Meli na safari hadi Dar es Salaam ni juu yetu, kisha reli au lori hadi Kigoma. Kiwanda kikiandika 出厂价 kimekutajia bei ya getini kwake, na hata lori la kwenda bandarini unalipa wewe. Usilinganishe bei ya kiwanda kimoja ya getini na ya kingine ya FOB, halafu ukasema huyu ni nafuu.

Kama mna sababu ya kweli ya kuomba punguzo, iandikeni. Neno 返单 ni oda ya kurudia, na viwanda hulipenda. Lakini usiliandike kama huna mpango wa kurudi, maana kwa oda ya pili watakukumbusha.

Tuje kwenye tarehe. Swali la "mzigo utatoka lini" kwa Kichina lina majibu matatu tofauti, na muuzaji akikujibu moja unaweza kusikia jingine. Kuna siku ya kumaliza kutengeneza. Kuna 发货, siku mzigo unapotoka kiwandani. Halafu kuna 开船, siku meli inapong'oa nanga. Kati ya hizo mbili za mwisho wiki moja au mbili zinaweza kupita kwa urahisi, hasa mzigo ukichanganywa na wa watu wengine kwenye kontena moja. Muuzaji akisema amefanya 发货 tarehe 25 hajadanganya, ila wewe tayari umewaahidi wateja wa Kibirizi kwa hesabu ya meli. Basi taja tendo na mahali:

```
请在收到首期款后30个自然日内完成生产，
并于2026年12月1日（含当日）前
送到我方货代的深圳仓库。
```

Yaani: "Tafadhali mmalize kutengeneza ndani ya siku 30 za kalenda baada ya kupokea malipo ya kwanza, na mzigo ufike ghala la wakala wetu Shenzhen kabla ya 1 Desemba 2026, siku hiyo ikihesabiwa." Neno 自然日 ni siku za kalenda. Wakiandika 工作日 wanahesabu siku za kazi tu, na siku 30 za kazi ni wiki sita. Maneno ya mabano, 含当日, yanamaliza ubishi wa kama tarehe moja yenyewe imo au haimo. Tena hesabu inaanza *wanapopokea* pesa, siyo unapotoka benki na karatasi ya TT mkononi. Pesa ikichelewa njiani siku nne, siku hizo ni zako.

Kwa nini Desemba mapema? Mwaka 2027 Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia 6 Februari. Wafanyakazi huanza kuondoka kwenda makwao kabla ya siku yenyewe, na wengine hawarudi kiwandani kilekile. Oda inayosukumwa hadi Januari hutengenezwa mbiombio, au hulala hadi mwisho wa Februari. Muuzaji akiandika 年前, "kabla ya mwaka", mara nyingi ana maana ya mwaka huo wa Februari, siyo 31 Desemba.

Sasa malipo, na hapa naomba mkae vizuri.

Kiswahili kina neno *arabuni*, pesa ya kushika mali. Kichina nacho kina maneno mawili yanayotamkwa sawasawa kabisa, dingjin. Yanatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo:

```
定金
订金
```

La juu ndilo arabuni yenyewe kwa sheria. Kanuni ya Madai ya China, inayotumika tangu 1 Januari 2021, inasema katika kifungu cha 587 kwamba mlipaji akivunja mkataba kiasi cha kuharibu lengo lake, hadai kurudishiwa arabuni. Mpokeaji akivunja vivyo hivyo, anarudisha mara mbili. La chini ni malipo ya kutangulia tu, halina adhabu hiyo kwa upande wowote. Kwenye sauti ya WeChat hamtasikia tofauti. Kwenye profoma mtaiona, ila kwa anayejua pa kutazama.

Kuna la zaidi. Kifungu cha 586 kinaweka kikomo: arabuni haizidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hakina nguvu ya arabuni. Viwanda vingi huomba asilimia 30. Kwa oda yetu ya dola 7,600, asilimia 30 ni dola 2,280, lakini zenye kinga ya kurudishwa mara mbili ni dola 1,520 tu. Dola 760 zilizobaki ni malipo ya kutangulia, hata mkiziita jina gani. Basi ziandikeni kwa majina yake:

```
首期款30%：定金20%（1,520美元）
加预付款10%（760美元）；
余款70%（5,320美元）
验货合格后、发货前付清。
```

Asilimia 70 inalipwa baada ya mzigo kukaguliwa na kukubalika, kabla haujatoka. Mkiacha lile neno la ukaguzi, 验货合格后, mtadaiwa salio siku mabunda yatakapofungwa, taa ziwe zinawaka au haziwaki.

Kinga hii ina mipaka. Inafanya kazi kama mkataba wenu uko chini ya sheria ya China, jambo la kuandikwa kwenye profoma. Na kuchelewa wiki moja kwa kawaida si kuharibu lengo la mkataba, kwa hiyo arabuni haikusaidii hapo. Kwa ucheleweshaji omba makato ya kila siku, kwa sauti ya chini:

```
如逾期，请问能否每天减收货款的0.3%？
```

Kwa oda yetu hiyo ni dola 22.80 kwa siku. Si pesa ya kumuumiza, ila inamfanya aandike tarehe anayoiamini. Mistari ya kufunga ni hii:

```
以上是否可行，烦请确认。
收款请用贵司对公账户，
形式发票请加盖公章。
顺祝商祺！
```

Tunamwomba athibitishe, atumie akaunti ya kampuni, na apige muhuri wa kampuni kwenye profoma. Jina la akaunti, jina la kwenye muhuri na jina la kwenye profoma viwe kitu kimoja. Ukiletewa akaunti mpya katikati ya safari, piga simu ya video kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyokuja na ujumbe wa akaunti.

Utume lini? China inatutangulia saa tano. Ukituma saa tatu asubuhi ya Kigoma, kwao ni saa nane mchana, wametoka kula. Ukituma jioni baada ya kufunga duka, wamelala.

Halafu jibu litakuja, nalo lina adabu zake. 我们尽量 ni "tutajitahidi", na hiyo siyo ahadi. 有点困难, "kuna ugumu kidogo", mara nyingi ni hapana iliyofunikwa kanga. 我跟老板申请一下, "ngoja nimwombe bosi", ina maana mlango wa bei haujafungwa, basi usiongeze dau usiku huohuo. Na akikujibu tarehe kwa 月底, "mwisho wa mwezi", au 应该可以, "itawezekana nadhani", usitume pesa bado. Mshukuru, kisha uliza mstari mmoja:

```
谢谢您！请问具体是哪一天？
```

"Asante sana. Ni siku gani hasa?" Akijibu kwa namba, mwambie aiweke kwenye profoma yenye muhuri. Ukiiona hapo ndipo uende benki.