Sekunde mbili za hita: rilei ya elektroniki na ugawaji wa moto wa oveni
*Mhadhara kwa mafundi umeme, Tanga, kama ulivyotolewa*

Mafundi wenzangu, wazee wangu mliokaa mbele, na vijana mliosimama huko mlangoni, habari za jioni.

Hapa mezani nina vitu viwili. Hiki cheusi kizito ni kontakta niliyoitoa kwenye oveni ya mama mmoja anayeoka boflo kule Ngamiani. Itazameni pointi zake, halafu mzipitishe kwa wenzenu. Zimeungua, zina mashimo kama jino bovu, na moja iliganda kabisa na mwenzake. Hiki cheupe, kidogo kama kiberiti, ndicho nilichoweka badala yake. Ni rilei ya elektroniki, imeandikwa SSR-40 DA. Ndani yake hakuna pointi wala koili. Upande wa kontrola kuna taa ndogo isiyoonekana, inayowaka ukiipa volti 3 hadi 32 za mkondo mnyoofu. Mwanga wake unaiamsha trayaki iliyo upande wa pili, nayo inapitisha umeme wa hita. Baina ya pande hizo mbili hakuna waya, ni mwanga tu.

Neno linalowachanganya wengi ni "kuvuka sifuri". Umeme wetu ni wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Kila mzunguko unapanda, unarudi sifuri, unashuka upande wa pili, unarudi sifuri tena. Kwa hiyo ndani ya sekunde moja volti inapita sifuri mara 100, na kila nusu wimbi lina milisekunde 10. Rilei hii ikiamriwa kuwasha haiwashi papo hapo. Inangoja volti ifike karibu na sifuri, ndipo inafungua njia. Kungoja huko hakuzidi milisekunde 10. Kuzima nako ni hivyo hivyo: ukiondoa amri, trayaki inaendelea kupitisha mpaka mkondo wenyewe ukatike mwisho wa nusu wimbi.

Kwa nini ingoje? Kilele cha wimbi la volti 230 kinafika 325. Hita ya yule mama ni ya wati 2,300, yaani ampea 10, na ukinzani wake ni omu 23. Ukiiwasha pale kileleni, mkondo unaruka kutoka sifuri hadi ampea 14 kwa kufumba na kufumbua, na mruko huo ndio unaokwaruza redio ya jirani. Ukiiwasha kwenye sifuri, mkondo unapanda taratibu pamoja na wimbi. Hii inafaa kwa hita. Transfoma ni habari nyingine, hiyo kuiwasha kwenye sifuri huweza kuifanya ivute mkondo mkubwa mno mwanzoni, kwa hiyo msichukue nilichosema hapa mkakipeleka kwenye mashine ya kuchomelea.

Sasa elewa jambo moja, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Rilei ya namna hii haiwezi kupunguza volti. Nusu wimbi inapita nzima au haipiti kabisa. Ukitaka moto mdogo, unagawa muda.

Tuchukue dirisha la sekunde 2. Ndani yake mna nusu mawimbi 200. Ile oveni ikishafika nyuzi 200, kuishikilia pale inahitaji kama asilimia 30 ya nguvu yake. Kontrola inawasha kwa sekunde 0.6, yaani nusu mawimbi 60, inazima kwa 140 zilizobaki, kisha inaanza upya. Wastani ni wati 690. Hita ni nzito, na kuta za oveni ni nzito zaidi, kwa hiyo mkate hauoni kuwaka na kuzima huko. Unaona wastani.

Kijana mmoja aliniuliza kabla sijaanza: "Shikamoo fundi. Kama rilei haina pointi za kuisha, kwa nini nisifupishe dirisha, niweke sehemu ya kumi ya sekunde?" Marahaba. Swali zuri, na nimeliona kwenye kazi halisi.

Dirisha la sekunde 0.1 lina nusu mawimbi 10 tu. Kontrola ikiomba asilimia 35, rilei itatoa 3 au 4. Tatu na nusu hakuna. Usahihi wote uliolipia kwenye kontrola unaupoteza. La pili ni baya zaidi: unawasha na kuzima ampea 10 mara 10 kwa sekunde, na kila hita inapowaka volti ya nyumba inashuka kidogo. Jicho la binadamu linakerwa zaidi na mwanga unaochezacheza karibu mara 9 kwa sekunde. Umelenga pale pale panapoumiza. Taa za nyumba nzima zitapepesa na watu watalalamika kichwa kinauma.

Upande wa pili, dirisha refu. Kontakta ililazimisha hivyo. Tuseme pointi zake zinastahimili kuwasha mara 100,000. Ukiipa dirisha la sekunde 2 kwa saa 6 za kuoka kila siku, inapiga mara 10,800 kwa siku, na siku ya kumi haimalizi. Ndiyo maana fundi aliyenitangulia aliweka sekunde 20, na hata hivyo pointi mnaziona. Utajuaje kwamba dirisha ni refu mno? Weka kipima joto karibu na hita, andika kila sekunde chache. Joto likipanda na kushuka kwa mwendo ule ule wa dirisha, umelirefusha kupita kiasi. Kwa oveni za mikate, sekunde 2 zimenitosha kila mara.

Rilei hii ina deni lake nalo ni joto. Trayaki inakula zaidi ya volti 1 ikipitisha mkondo. Kwa ampea 10 hesabu wati 12 zinazobaki ndani ya hiki kiberiti. Wakati wa asilimia 30 ni wati 4 tu, lakini asubuhi oveni ikipashwa hita inawaka mfululizo, kwa hiyo hitisinki ipimwe kwa wati 12 zote. Paka grisi ya kupitisha joto, kaza skrubu, simamisha mapezi wima, na usiifunge kwenye ubavu wa oveni. Na ile 40 iliyoandikwa usiiamini kichwa kichwa. Mimi sivuki nusu yake.

Ikizidiwa, kwa kawaida hufa ikiwa imeshikana, yaani hita inabaki imewaka. Kwa hiyo kontakta haitupwi. Iweke nyuma ya rilei, iongozwe na thamostati ya peke yake inayokata nyuzi 280. Hiyo itapiga mara chache mno, haitaungua.

Kuipima, mita itakudanganya. Rilei nzima iliyozimwa huvujisha miliampea chache, na ukipima bila mzigo mita itakuonyesha karibu volti 230. Wengi wametupa rilei nzima kwa sababu hiyo, na wengine wamepigwa shoti wakidhani imezima. Kata umeme kwenye swichi kuu, chomoa hita, funga balbu ya zamani ya wati 100 mahali pake, chomoa nyaya mbili za kontrola, kisha rudisha umeme. Balbu ikibaki giza, rilei inazima vizuri. Ikiwaka, imeshikana. Rudisha nyaya za kontrola, weka asilimia 30, na balbu itapepesa mbele yako: sekunde 0.6 mwanga, sekunde 1.4 giza.

Njooni karibu na meza, nimeshaifunga.