Safu Ambayo Haikuchorwa: Jedwali la Tafiti Kabla ya Kuandika Mapitio

Asanteni. Nyuma huko kuna waliosimama, viti vya mbele viko wazi, sogeeni. Leo sitawapa kiolezo cha jedwali, maana violezo mnavyo tayari: mwandishi, mwaka, mbinu, sampuli, matokeo. Nataka tuchukue kisa kimoja cha kweli tujaze jedwali pamoja, tuone linapotudanganya. Ili tusichanganyane, nikisema mstari nina maana ya utafiti mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikisema safu, nina maana ya jambo moja linaloulizwa kwa tafiti zote, kutoka juu kwenda chini.

Swali letu ni hili: je, homoni anazotumia mwanamke baada ya kukoma hedhi zinamkinga na ugonjwa wa mishipa ya moyo? Swali hili liliwasumbua madaktari kwa miaka mingi, na tafiti zake zinajulikana sana. HERS na WHI mtakazoziona humu ni majina ya majaribio mawili ya homoni yaliyofanywa Marekani. Mtu mwenye haraka angejaza hivi:

| Utafiti | Mbinu | Sampuli | Matokeo |
|---|---|---|---|
| Wauguzi wa Marekani, 1991 | Ufuatiliaji | 48,470 | Zinakinga |
| Wauguzi wa Marekani, 1996 | Ufuatiliaji | 59,337 | Zinakinga |
| HERS, 1998 | Jaribio | 2,763 | Hakuna tofauti |
| WHI, 2002 | Jaribio | 16,608 | Zinaongeza hatari |

Linapendeza, halina kisanduku kitupu. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilijaza majedwali ya namna hii, nikaenda nayo kwa msimamizi wangu nikitembea kifua mbele. Sentensi inayotoka humu mnaijua: “Tafiti mbili zimeonyesha kinga, moja haikuona tofauti, na moja imeonyesha madhara; hivyo matokeo yanakinzana.” Huko ni kuhesabu kura. Na hata kura zenyewe zimehesabiwa vibaya, kwa sababu mistari miwili ya juu ni utafiti mmoja. Wauguzi ni walewale, walioandikishwa kuanzia mwaka 1976, na ripoti ya 1996 imeendeleza tu ufuatiliaji wao. Kwa hiyo mstari uwe wa utafiti, siyo wa makala. Utafiti ukiwa na makala tatu, ziingize zote katika mstari mmoja na uandike kila namba imetoka makala ipi, ukurasa upi. Namba ya ukurasa itakuokoa miezi minane baadaye, mtu atakapokuuliza umeipata wapi.

Sasa tuijenge upya safu ya mbinu. “Ufuatiliaji” na “jaribio” ni majina, hayatuelezi kitu. Mimi huigeuza safu hii kuwa swali: nani aliamua kwamba mtu huyu apate dawa na yule asipate? Kwa wauguzi, aliyeamua ni mwanamke mwenyewe na daktari wake. Katika HERS na WHI iliamua kura ya bahati nasibu: huyu alipewa homoni, yule akapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Ukishaandika hivyo, unaona mara moja kwamba wauguzi waliotumia homoni huenda walikuwa na afya bora tangu mwanzo. Watafiti walijitahidi kurekebisha hesabu zao kwa kuangalia uvutaji sigara, uzito na kadhalika, lakini huwezi kurekebisha usichokipima.

Safu hiyohiyo ya mbinu ina swali la pili ambalo wengi huliruka: matumizi ya dawa yalipimwaje, na kila baada ya muda gani? Wauguzi walijaza dodoso kila baada ya miaka miwili. Hebu mfikirie mwanamke aliyejaza dodoso leo, akaanza homoni mwezi ujao, akapata mshtuko wa moyo kabla ya dodoso linalofuata. Katika kumbukumbu za utafiti bado anahesabiwa kuwa hatumii homoni! Madhara ya miezi ya mwanzo yanaweza kupotea hapo. Wekeni kidole kwenye kisanduku hicho, kisha mshuke nacho hadi kwa HERS, mwone waliloripoti: kwa jumla hapakuwa na tofauti, lakini katika mwaka wa kwanza matukio ya moyo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa homoni, kisha yakapungua katika mwaka wa nne na wa tano. Visanduku viwili vya tafiti mbili vimeanza kuzungumza. Kwenye jedwali la kwanza visingesikilizana kabisa.

Tuje kwenye sampuli. Kuandika 2,763 bila kusema ni akina nani ni sawa na kuandika uzito wa gunia bila kusema limebeba nini. Wanawake wa HERS wote walikuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 67. Wa WHI walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani 63, na wengi hawakuwa wagonjwa wa moyo. Wauguzi waliingia wakiwa na miaka 30 hadi 55. Kwa hiyo HERS iliuliza kama dawa inamsaidia aliyekwisha kuugua, nyingine mbili zikauliza kama inamzuia asiugue. Haya ni maswali mawili, na ukiyaweka chini ya neno “yanakinzana” umewasingizia.

Ndani ya kisanduku cha sampuli ongezeni pia idadi ya matukio, yaani waliopatwa na kile kinachochunguzwa. WHI ilikuwa na wanawake 16,608, lakini hitimisho lake juu ya moyo limesimama juu ya wanawake 164 upande wa homoni na 122 upande wa pili. Hiyo ndiyo sampuli inayobeba matokeo. Hiyo nyingine kubwa inapendeza kwenye ikisiri.

Safu ya matokeo nitaipitia upesi. Futeni maneno “zinakinga” na “zinaongeza”, andikeni uwiano wa hatari pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu. Moja maana yake makundi yako sawa, chini ya moja waliotumia dawa wamesalimika zaidi, juu ya moja wameumia zaidi. Wauguzi wa 1991 waliokuwa wakitumia estrojeni: 0.56, mipaka 0.40 hadi 0.80. HERS: 0.99, mipaka 0.80 hadi 1.22. WHI: 1.29, mipaka 1.02 hadi 1.63. Sasa mnaona kwamba mpaka wa juu wa HERS na mpaka wa chini wa WHI vinapishana. Hizo mbili hazigombani kama neno “hakuna tofauti” lilivyotufanya tuamini. Wanaokaa mbali na wenzao ni wauguzi.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Wauguzi wanatofautiana na WHI kwa kura, sawa. Je, ni hilo tu? Ukisoma makala zote ukiwa na jedwali mkononi, unaanza kuhisi kuna jambo linalotajwa pembeni, mara kwenye maelezo ya washiriki, mara kwenye mjadala, lakini halina safu. Jambo hilo ni muda: mwanamke alianza homoni miaka mingapi baada ya hedhi kukoma? Wauguzi kwa kawaida walianza karibu na wakati wa kukoma. Wengi wa WHI walikuwa wameshapita miaka kumi au zaidi. Hakuna kiolezo duniani kitakachokuwa na safu inayoitwa “miaka tangu kukoma hedhi”. Lazima uichore mwenyewe, tena katikati ya kazi, ukiwa umeshajaza mistari ishirini. Ukiichora, rudi kwenye mistari yote ishirini. Ndiyo, inachosha. Ukiijaza kwa makala zilizobaki tu, utaona mpangilio ambao haupo.

Kwenye kurudi huko mtakuta makala zisizosema lolote. Msiache kisanduku wazi. Andikeni “haikutajwa”. Kisanduku kitupu kiwe na maana moja tu: sijaangalia bado.

Mwaka 2007 watafiti wa WHI wenyewe waliwaunganisha wanawake wa majaribio yao mawili ya homoni, wakawagawa kwa kipimo hichohicho. Walioanza kabla ya miaka kumi kupita walikuwa na uwiano wa 0.76, wa miaka kumi hadi kumi na tisa 1.10, na wa miaka ishirini na kuendelea 1.28. Ngazi inayopanda. Lakini tusishangilie mapema: mipaka ya hiyo 0.76 ilikuwa 0.50 hadi 1.16, inavuka moja. Haitoshi kusema homoni zinamkinga mwanamke aliyeanza mapema. Inatosha kusema kwamba wastani wa 1.29 haufai kumsomea kila mwanamke. Na kumbukeni, hii 2007 haiwi mstari mpya. Inaingia kwenye mstari wa WHI.

Baada ya hapo aya ya mapitio inatoka kwenye safu, haitoki kwenye mstari. Anayeandika kwa mistari huandika “fulani alichunguza, fulani naye alichunguza”, aya kumi na nne mfululizo. Anayesoma safu kutoka juu kwenda chini ataandika kitu kama hiki: “Tafiti ambazo matumizi ya homoni yaliamuliwa na wanawake wenyewe, wengi wao wakianza karibu na kukoma hedhi, zimeripoti hatari ndogo ya moyo, ilhali majaribio ya kura, ambayo washiriki wengi walikuwa wakubwa zaidi au tayari wagonjwa, hayakuiona kinga hiyo. Tofauti za njia ya ugawaji na za muda wa kuanza zimeingiliana, na tafiti hizi peke yake haziwezi kuzitenganisha kikamilifu.” Sentensi mbili, tafiti zote zimo, na msomaji anajua pengo liko wapi.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza: aanze na makala zipi kupima kama safu zake zinafaa? Chukua tatu zinazopingana kuliko zote, siyo tatu mpya kuliko zote. Zijaze kikamilifu. Ukimaliza na bado huwezi kueleza kwa nini zinapingana, basi kuna safu hujaichora, na ni nafuu kuitafuta ukiwa na mistari mitatu kuliko ukiwa na sitini.

Na swali la ndugu yangu wa pale dirishani, kama anaweza kujaza kutoka kwenye ikisiri. Mwandishi, mwaka na uwiano wa hatari, ndiyo, utavipata. Lakini jaribu kutafuta humo kwamba dodoso lilijazwa kila baada ya miaka miwili.