Kinara Asiyejiona: Nafasi ya Mchezaji na Jirani Zake Ndani ya Redis

Ndugu zangu, karibuni. Sitawaeleza Redis ni nini wala inasakinishwaje, hayo mnayajua. Nimekuja na hoja ile ile ambayo baadhi yenu mmeshanisikia nikiipigia kelele: msimamo wa mchezo haupimwi kwa kumi bora. Kumi bora ni kazi rahisi. Mchezaji aliye nafasi ya 48,213 hana haja nao. Anataka kujua nani yuko mbele yake kidogo, amezidiwa pointi ngapi, na nani anamfukuza kwa nyuma. Hapo ndipo programu nyingi zinapodanganya watu, na aliyeandika programu hana habari.

Tuchukue ligi ya wiki moja ya mchezo wa karata kwenye simu, wachezaji saba:

```
ZADD msimamo 940 asha 910 baraka 910 chausiku 870 daudi 820 eliya 790 fatuma 760 gaspari
ZREVRANK msimamo daudi
ZRANGE msimamo 1 5 REV WITHSCORES
```

Amri ya pili inajibu 3. Redis inaanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo Daudi ni wa nne. Ya tatu inaleta wawili walio juu yake, yeye mwenyewe, na wawili walio chini: kutoka 3 toa 2, kisha 3 jumlisha 2.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hata hifadhidata ya kawaida inaweza: hesabu wote wenye pointi zaidi ya Daudi, ongeza moja. Inaweza, ndiyo. Lakini kwa yule wa 48,213 italazimika kupita juu ya safu 48,212 kila anapofungua ukurasa. Seti iliyopangwa ya Redis ina majina yaliyopangwa kwa pointi, na juu ya mstari huo kuna njia za mkato zinazoruka watu wengi kwa mpigo. Kila njia ya mkato imeandikwa inaruka watu wangapi. Redis ikimtafuta Daudi inajumlisha miruko iliyopitia, na jumla hiyo ndiyo nafasi yake. Hata wachezaji wakifika milioni moja, hatua kwa kawaida ni makumi machache tu. Ndiyo maana nafasi haihifadhiwi popote. Tafadhali, msiiandike kwenye safu ya jedwali halafu mkaihuisha usiku. Iulizeni inapohitajika.

Sasa njooni kwa Asha, kinara wetu. Nafasi yake ni 0. Kanuni ile ile ya kutoa mbili na kujumlisha mbili inatupa hii:

```
ZRANGE msimamo -2 2 REV WITHSCORES
```

Jibu ni orodha tupu. Kwa Redis namba hasi haina maana ya "kabla ya mwanzo", ina maana ya kuhesabu kutoka mwisho. -2 kati ya watu saba ni namba 5. Umeiomba ianze namba 5 iishie namba 2, nayo inakurudishia patupu bila kosa lolote, bila hata mstari mmoja kwenye kumbukumbu za seva. Aliye namba 1 yanamkuta yale yale: -1 ni namba 6, na 6 iko mbele ya 3. Kwa hiyo watu wawili waliohangaika kuliko wote wiki nzima ndio wanaofungua ukurasa na kukuta peupe.

Mtaniambia, "Tulijaribu, ilifanya kazi." Mlijaribu na wachezaji wangapi? Mkiwa na watatu tu, -2 inakuwa namba 1, na amri inaleta wa pili na wa tatu. Skrini ina majina, mtu anaridhika anaenda kula, wala hatambui kwamba kinara mwenyewe hayumo kwenye orodha. Kosa hili linajificha kwenye data ndogo na linajitokeza siku ya uzinduzi. Dalili yake ni hiyo: malalamiko yanatoka juu kabisa ya msimamo, na ukijaribu kwa akaunti yako iliyo katikati huoni kitu.

Dawa ni kuzuia mwanzo usishuke chini ya sifuri. Upande wa mwisho hauna shida, namba ikizidi idadi ya watu Redis inaikata yenyewe. Mimi hufanya yote ndani ya skripti moja:

```
local r = redis.call('ZREVRANK', KEYS[1], ARGV[1])
if not r then return nil end
local a = math.max(0, r - 2)
return {r, a, redis.call('ZRANGE', KEYS[1], a, r + 2, 'REV', 'WITHSCORES')}
```

Kwa nini skripti? Kwa sababu kati ya kuuliza nafasi na kuomba jirani, wengine wanaendelea kucheza. Mtu anaweza kusukumwa nafasi tatu chini katikati ya maswali hayo mawili, akaletewa jirani ambao yeye hayumo kati yao. Skripti ikianza, amri nyingine zinasubiri. Nairudisha `a` ili kila safu ipewe namba yake sahihi kwenye skrini.

Na ule mstari wa pili msiuruke! Mtu ambaye hajacheza wiki hii hana nafasi, Redis inajibu kwamba hakuna kitu. Bila mstari huo skripti inakatika kwa kosa, na ukiuliza `ZREVRANK` moja kwa moja bila kukagua jibu, kwenye JavaScript `null + 1` ni 1. Mgeni ambaye hajashika karata hata moja anatangaziwa kuwa wa kwanza.

Sasa Baraka na Chausiku, wote 910. Pointi zikilingana Redis inapanga kwa alfabeti, na kwa kuwa tunasoma kinyumenyume, Chausiku anakaa juu kwa sababu tu ya herufi ya jina lake. Hiyo si haki kwa mtu yeyote. Ukitaka wote wawe wa pili, hesabu waliowazidi kisha ongeza moja:

```
ZCOUNT msimamo (910 +inf
```

Ukitaka aliyetangulia kufika akae juu, ingiza muda ndani ya alama. Wiki ina sekunde 604,800. Zidisha pointi kwa 1,000,000, jumlisha sekunde zilizobaki hadi mwisho wa wiki. Baraka alifika zikiwa zimebaki 300,000, basi ana 910300000. Chausiku zilibaki 120,000, ana 910120000. Andikeni kwa `ZADD msimamo GT`, inayopatikana tangu Redis 6.2: alama inabadilika ikiwa mpya ni kubwa tu, hivyo anayerudia 910 ile ile baadaye hapotezi muda wake wa awali. Kuonyesha pointi, gawanya kwa milioni na utupe desimali.

Msije mkatumia milisekunde zenye tarakimu 13. Alama ya Redis inashika namba nzima bila kukosea hadi 9,007,199,254,740,992. Ukizidisha pointi kwa 10,000,000,000,000, pointi 900 tu zinakufikisha ukingoni, na Asha wa 940 ameshavuka. Zikivuka, zinazopotea ni tarakimu za mwisho, na huko ndiko ulikoficha muda.

Nilitaka kuzungumzia msimamo wa marafiki pekee, muda umenibana. La wiki mpya ni fupi: kila wiki ipewe ufunguo wake, na ule wa zamani uwekewe `EXPIRE` ya siku chache, ili anayefungua simu Jumatatu asubuhi bado aone alimalizia wapi.