Chumvi Inasema Kumi na Tano, Mfuko Unataka Kumi na Tatu

(Mazungumzo na wakulima wa mahindi wilayani Magu, mkoani Mwanza, mwezi wa pili, wakati wa mavuno ya vuli. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Mwangaluka, ndugu zangu. Sogeeni kidogo huku kivulini, kwa sababu leo tunapima unyevu wa mahindi kwa chumvi na kwa mita, na walio nyuma hawataiona chupa.

Hapa mezani nina chupa tatu za kioo, zile za jamu, zimeoshwa jana na kuanikwa mpaka zikakauka kabisa. Kila moja ina mfuniko unaobana. Nina pakiti ya chumvi laini niliyoianika juani kwenye sinia tangu asubuhi. Na nina mahindi ya magunia mawili mliyoyaleta wenyewe, la mama aliyekaa pale mbele na la mzee mwenye kofia. Gunia la mama limekaa juani siku nne. La mzee limepukuchuliwa juzi.

Tunaanza na chupa, kwa sababu chupa inahitaji muda wa kupumzika, na huo ndio muda nitakaoongea.

Natia mahindi ya mama mpaka theluthi moja ya chupa, si zaidi, ili yapate nafasi ya kuchezacheza. Juu yake vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Nafunga. Kijana, shika hii, itikise dakika nzima. Usiogope, itikise kwelikweli! Chupa ya pili ni ya mzee, vivyo hivyo. Chupa ya tatu natia chumvi peke yake, bila hata punje moja ya hindi, na yenyewe itikisike. Hiyo ya tatu watu wengi huiruka, na ndiyo inayotuambia kama chumvi yenyewe ni kavu. Ikiganda kwenye kioo hali hamna mahindi ndani, basi majibu ya zile mbili hayafai, turudishe chumvi juani tuanze upya.

Sasa tuziache dakika kumi na tano.

Kwa nini chumvi? Punje ya hindi haikai kimya. Inabadilishana maji na hewa iliyo katikati ya punje. Ukiifungia kwenye chupa, baada ya muda hewa ile ya ndani inakuwa na unyevu unaolingana na wa punje. Chumvi safi ina tabia moja: unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 inabaki kavu, ukivuka hapo inaanza kunyonya maji na kunata. Na mahindi yanayoifikisha hewa kwenye hiyo asilimia 75 ni yale yenye maji kama asilimia 15 ya uzito wake. Kwa hiyo chumvi inajua mpaka mmoja tu, 15. Ikinata, mahindi yamezidi 15. Isiponata, yako chini ya 15. Chini kiasi gani, haisemi.

Hapa ndipo pana shida, na ndiyo sababu ya kuwaita leo. Kiwango cha mahindi kinachotumika Afrika Mashariki ni maji yasiyozidi asilimia 13.5. Kwa mifuko isiyopitisha hewa, hii mnayoiita kinga njaa, mimi nawaambia mshuke mpaka 13 au chini yake. Mbegu ya kupanda ishuke mpaka 12. Kati ya 15 ya chumvi na 13 ya mfuko kuna pengo, na mahindi mengi yanayoharibika huku kwetu baada ya vuli yanaanguka ndani ya pengo hilo. Mtu amepima kwa chumvi, chumvi haikunata, akafurahi, akafunga.

Zamani pengo hilo halikuumiza sana, maana mahindi yalikaa kwenye kihenge au kwenye kiroba, hewa inapita. Mahindi ya 14 kwenye kiroba, kiangazi cha mwezi wa saba, yanaendelea kukauka yenyewe taratibu. Lakini mfuko wa kinga njaa haukaushi. Umetengenezwa kuzuia hewa, ndiyo maana dumuzi anakosa pumzi na kufa, na kwa kazi hiyo sina neno nao. Ila maji uliyofungia ndani yanabaki ndani. Mchana mfuko ukipata joto, maji yanahama kutoka punje za upande wenye joto na kujikusanya upande wa baridi, mara nyingi chini kwenye sakafu au juu karibu na shingo. Ukifungua unakuta katikati mahindi mazuri, na pale chini donge limeshikana lenye harufu ya kuchacha.

Kuhusu kuvu niseme kwa kifupi. Wapo kuvu wa ghalani wavumilivu wanaoanza kuota unyevu wa hewa ukivuka asilimia 70 hivi. Yule anayetoa sumukuvu anataka maji zaidi, lakini hao wa kwanza wakishaanza, wanapumua, wanatoa joto na maji, wanamwandalia kitanda. Mnakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivyokufa kwa sumukuvu ya mahindi. Na sumu ile ikishaingia, kukausha hakuiondoi, kupika hakuiondoi.

(Hapa mama mmoja akauliza: "Bwana shamba, mimi natumia chumvi ya mawe, naitwanga. Haifai?")

Haifai sana, mama. Chumvi ya mawe ambayo haijasafishwa ina madini mengine ndani yanayonyonya maji mapema, hata hewa ikiwa bado kavu. Ndiyo maana kopo la chumvi ya mawe jikoni linalowa msimu wa mvua. Ukipimia hiyo, itanata wakati mahindi yako ni mazuri, utaanika siku mbili za bure. Kama huna nyingine, itwange, ianike sana, halafu ile chupa ya tatu isikose.

Na jambo jingine: usipime mahindi yakiwa ya moto kutoka kwenye turubai. Yaingize ndani, yapoe kabisa. Mahindi ya moto kwenye kioo baridi yanatoa jasho, chumvi inanata kwenye jasho, unadhani ni maji ya punje.

Haya, muda umefika. Kijana, inua ya tatu kwanza, zungusha polepole. Chumvi inateleza yote, kioo kisafi. Chumvi yetu ni kavu. Sasa ya mzee. Mnaona? Imeshika ubavuni kama unga kwenye ukuta wa kinu, na vidonge vimekaa juu ya punje. Yamezidi 15, hilo halina mjadala. Ya mama: inateleza, kioo kisafi. Nikiishia hapa, mama anakwenda nyumbani kufunga mifuko.

Sasa tulete mita ya unyevu.

Nachukua bambo. Naomba msichote kwa mkono juu ya gunia, kwa sababu juu ndipo panapopigwa na hewa. Nachoma juu, katikati, na chini karibu na sakafu, nachanganya kwenye sinia, natoa makapi na punje zilizovunjika. Kwenye mita nachagua mahindi. Sema mahindi! Nimeona mita imeachwa kwenye mpunga tangu msimu uliopita, na mtu anasoma namba kwa kujiamini kabisa. Najaza kikombe kwa kumimina taratibu, sishindilii. Nasoma. 14.2. Namwaga, nachukua mengine: 13.9. Tena: 14.6. Jumla 42.7, gawanya kwa tatu, unapata 14.2 na ushee. Ya mzee inasoma 17.

Kwa hiyo mahindi ya mama ndiyo yaliyo ndani ya lile pengo. Chumvi ilisema kweli, hayajafika 15. Lakini hayajafika pa kufungwa. Kama anayapeleka mashineni ndani ya wiki mbili tatu, ayaweke kwenye kiroba juu ya chaga, hana tatizo. Kama anataka yafike mwezi wa nane kwenye kinga njaa, bado ana siku moja au mbili za jua: tabaka lisizidi upana wa vidole viwili kwenye turubai, kugeuza kila baada ya saa moja, kufunika kabla umande haujashuka. Ninyi wa ziwani mnajua mvua zetu hizi hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri. Mahindi yaliyolala nje wazi asubuhi yana maji kuliko jana jioni.

Na mita nayo ina uongo wake. Ukipima jioni ileile ulipoanua, ganda la punje ni kavu na moyo bado una maji, mita inasoma chini ya ukweli. Yalale kwenye gunia usiku mmoja ili maji yasambae, kisha pima. Halafu mita ndogo hizi za mkononi zinaweza kupishana na ukweli kwa nusu asilimia hivi, juu au chini. Ndiyo maana sisemi mfunge ikisoma 13.5. Ikisoma 13.5 inaweza kuwa 14. Ikisoma 13 umelala salama.

(Mzee mwenye kofia akasema: "Nikikausha hivyo kilo zinapungua. Mlanguzi hanilipi ukavu.")

Mzee, hilo ni kweli na sitalipaka mafuta. Tupige hesabu. Gunia lako la kilo 100 lenye asilimia 17 lina maji kilo 17 na hindi lenyewe kilo 83. Likifika 13, zile 83 zinakuwa asilimia 87 ya uzito. Gawanya 83 kwa 0.87 unapata kilo 95 na nusu karibu. Umepoteza kilo nne na nusu za maji. La mama kutoka 14.2 linapoteza kilo moja na nusu hivi. Kama unauza wiki hii kwa mtu anayenunua kwa kilo na hapimi unyevu, ukavu wako ni zawadi kwake. Kama unangoja bei ya mwezi wa kumi na moja, hizo kilo nne na nusu ndizo zitakazoozesha zile nyingine ukiziacha ndani.

(Swali la mwisho lilitoka kwa katibu wa kikundi: mita ya mnunuzi ikisoma tofauti na ya kikundi, nani anaaminiwa?)

Kwanza pimeni sampuli ileile. Mchanganye, mtie kwenye mfuko wa plastiki, mfunge, ipoe, kisha ipite kwenye mita zote mbili. Mwombe akuonyeshe kioo cha mita yake kimeandika zao gani. Bado mkipishana, hapo chumvi inarudi kazini. Yake ikisoma 16.5, yenu 13.4, tikiseni chupa tatu mbele yake. Chumvi ikiteleza, mahindi hayajafika 15, na yeye atafute betri mpya au fundi. Lakini yake ikisoma 14.3 na yenu 13.4, chumvi haiwezi kuwaamulia, zote mbili ziko upande wake mkavu. Hapo kubalianeni mita ya tatu kabla ya kupakia gari.